Chupa mbili za mchana na mtumbwi wa Matema: mwongozo kamili wa pombe na maji

Anayetoka Mbeya mjini kwenda Matema hushuka na baridi ya Uyole mwilini, hupita Tukuyu penye migomba na chai, na akifika Kyela sweta limeshavuliwa. Joto la huko chini ni jambo la kwanza linalomfanya mgeni aagize bia. Ziwa Nyasa liko mbele yake, limetulia, mbasa yuko jikoni, na mitumbwi imelala mchangani ikisubiri wateja wa kwenda Ikombe kuona vyungu. Hakuna anayelewa. Watu wanakunywa chupa mbili, wanakula, wanapanda mtumbwi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu hao wa chupa mbili, kwa sababu mlevi wa kupepesuka huwa anazuiwa na wenzake, lakini mtu wa chupa mbili hakuna anayemshika mkono.

Mwaka juzi mtoto wa baba mdogo alikuja na rafiki zake wanne. Amekulia Kyela, anajua kuogelea tangu hajaanza shule. Walikula kati ya saa 7 na saa 8 mchana, na kila mmoja alikunywa chupa mbili za nusu lita. Saa 9 wakakodi mitumbwi miwili. Katikati ya safari alibanwa na mkojo. Akasimama. Mtumbwi wa gogo moja una mdomo mwembamba na tumbo la duara, kwa hiyo aliposimama uzito wake wote ulipanda juu ya mkao, mguu mmoja ukateleza, akaenda majini ubavu. Wenzake walicheka wakidhani anacheza. Aliibuka mara moja, kichwa kikiwa nyuma, mdomo sawasawa na uso wa maji, hakusema kitu. Mpiga kasia, mzee wa Ikombe ambaye hakuwa amekunywa, hakucheka. Alimtupia dumu tupu la lita 10 lililofungwa kamba, akampata. Jioni hospitali, bado akikohoa, aliniambia: "Kaka, nilikuwa naogelea kwenda juu. Nilikuwa na hakika ni juu."

Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye siku ile, na kila moja inaonyesha mahali ambapo ingeweza kuishia vizuri au vibaya zaidi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya saa kabla ya kugusa kasia

Chukua chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ya kilevi. Mililita 500 mara asilimia 5 ni mililita 25 za kilevi chenyewe, ambacho uzito wake ni kama gramu 20. Ini la mtu mzima wa kilo 70 husafisha takriban gramu 7 kwa saa, na halina gia ya pili. Kwa hiyo chupa moja ni karibu saa 3, chupa mbili ni karibu saa 6, tatu ni karibu 9. Mtu mwembamba huhitaji muda zaidi, na wanawake wengi pia, kwa kuwa kiasi kilekile cha pombe huleta kilevi kingi zaidi kwenye damu yao.

Sasa rudi kwa binamu yangu. Alianza saa 7 mchana, chupa mbili, saa 6 za kusafisha: damu yake ingekuwa safi saa 1 usiku, giza limeshaingia. Yeye alipanda mtumbwi saa 9. Ndiyo maana nasema bila kuzunguka kwamba aliyekunywa na chakula cha mchana amemalizana na ziwa kwa siku hiyo. Kama mnataka kwenda Ikombe, nendeni asubuhi, mrudi, mvute mtumbwi hadi mchangani, ndipo mfungue chupa. Mpangilio huo haumnyimi mtu chochote.

Hesabu hiyohiyo inawahusu wanaoamka kuoga ziwani baada ya usiku mrefu. Mtu aliyeanza saa 12 jioni na kumaliza chupa sita saa 5 usiku anahitaji kama saa 18, yaani hadi karibu saa 6 mchana wa kesho yake. Saa 1 asubuhi anajisikia mzima kwa sababu amelala, lakini usingizi haukuliharakisha ini. Na mvuvi wa usipa anayesukuma mtumbwi jioni ahesabu kurudi nyuma: ukitoka saa 11 jioni, hata chupa moja ya saa 9 bado unayo mwilini.

Kwa pombe kali soma kibandiko. Kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina mililita 70 za kilevi, karibu gramu 55, yaani kama saa 8. Ni kidogo mfukoni, lakini ni karibu bia tatu za nusu lita.

Pombe zetu za kienyeji haziingii kwenye hesabu hii, na hapa wengi hukosea. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu kama juisi, lakini unaendelea kuchachuka humo humo kwenye chombo, na wa jioni si ule wa asubuhi ingawa umetoka kwenye mwanzi mmoja. Komoni hutofautiana kwa mpishi na kwa siku. Kimpumu inanywewa kwa mrija kutoka kwenye chungu kinachoongezwa maji ya moto, kwa hiyo hakuna hata glasi ya kuhesabu. Kwa pombe hizi ninayo kanuni moja tu: ukinywa leo, maji ni kesho mchana.

Usidanganywe na kahawa, supu ya kongoro au kujimwagia maji baridi. Vinamwamsha mtu, havimsafishi damu. Chakula kinasaidia kidogo kwa namna yake: kinachelewesha pombe kupita tumboni, kilele kinakuwa chini, lakini saa za ini ni zilezile. Na kuchelewa huko kuna hatari yake. Kilevi hufika kileleni kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kunywa. Aliyekunywa harakaharaka na kupanda mtumbwi papo hapo akiwa "mzima" atazidi kulewa akiwa katikati ya maji, bila kuongeza hata tone.

Hatua ya 2: Jua chupa ya kwanza imekuondolea nini

Watu hupima ulevi kwa miguu na ulimi: natembea sawa, naongea sawa, basi niko sawa. Nchi kavu kipimo hicho kinakusamehe, kwa sababu ukiyumba unaukuta ukuta. Majini unahitaji vitu vinne ambavyo ardhi haikuulizi, na pombe inaanza kuvigusa mapema.

Cha kwanza ni uamuzi. Binamu yangu anajua mtumbwi hausimamwi. Alilijua hilo saa 4 asubuhi na alilijua saa 12 jioni. Saa 9 alasiri alilijua pia, ila halikumzuia. Hivyo ndivyo kilevi kidogo kinavyofanya kazi: hakifuti ujuzi, kinalegeza breki. Na pombe ndiyo iliyomletea mkojo mwingi wenyewe, kwa sababu hulifanya figo limwage maji zaidi ya kawaida. Mkojo, kusimama, mkao uliolegea: vitu vitatu kutoka kwenye chupa ileile.

Cha pili ni mizani ya mwili. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji ambayo huuambia ubongo upande gani ni juu. Pombe huvuruga majimaji hayo. Ukiwa umesimama uwanjani, macho yanasahihisha kosa, yanaona nyumba, yanaona mti. Ukiwa chini ya maji yenye povu, macho hayaoni kitu, na maji baridi yakiingia sikioni huivuruga mizani hiyo zaidi. Hapo mtu anaweza kuogelea kwa nguvu zake zote kuelekea chini au kando akidhani anapanda. Ujuzi wa kuogelea haukusaidii, unakupeleka kwa kasi mahali usipopataka.

Cha tatu ni pumzi. Aliyeanguka ghafla majini, hasa maji ya milimani kama Mto Kiwira, huvuta pumzi kwa mshtuko kabla hajaamua. Asiyekunywa huweza kufunga mdomo upesi na kukohoa kwa nguvu maji yakigusa koo. Kwa aliyekunywa, kufunga huko kunachelewa na kikohozi kinakuwa kizito. Tofauti ni ya muda mfupi sana, lakini muda huo ndio funda la kwanza la maji.

Cha nne ni joto. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja nje, unajisikia umechangamka huku mwili ukipoteza joto. Kwenye Ziwa Nyasa mchana wa Desemba hili si kubwa. Usiku wa Juni, upepo wa mwera ukivuma na nguo zimelowa, ni jambo jingine kabisa: vidole vinakataa kushika kasia, na mtu anadhani ni usingizi.

Kwamba hatari huanza kwenye kiasi kidogo si maneno ya wazee tu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao kuhusu waliokufa kwenye boti katika majimbo ya Maryland na North Carolina, wakiwalinganisha na waendesha boti na abiria waliokuwa hai. Hatari ya kufa ilikuwa imeshaanza kupanda kwenye miligramu 10 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Mtu wa kilo 70 akinywa chupa moja tu ya nusu lita hufikia takriban miligramu 40. Na abiria alikuwa hatarini sawa na mwendesha boti, hata boti ikiwa imesimama. Ule usemi wa "mimi sipigi kasia, nimekaa tu" haukuwa na kinga yoyote.

Hatua ya 3: Andaa mtumbwi kabla watu hawajapanda

Chagua mpiga kasia kabla ya kuuliza bei. Ongea naye uso kwa uso, karibu, usikie pumzi yake, umwangalie akikanyaga mtumbwi. Akinuka, mwambie kwa heshima na bila mjadala: "Mzee wangu, leo tumechoka, tutakuja kwako kesho asubuhi." Mzee hajavunjiwa heshima, nanyi hamjapanda.

Abiria aliyekunywa ni mgumu zaidi, hasa akiwa mkubwa kwa umri. Usimwambie amelewa, kwa sababu kwa macho yake hajalewa, na mtabishana hadi apande kwa hasira. Mpe kazi ya nchi kavu: "Baba, tunaomba utushikie simu na viatu, hapa hatumwamini mwingine." Nimeitumia mara nyingi na bado haijanikatalia.

Kila anayepanda avae laifu jaketi, na lijaribiwe: mtu akishalifunga, simama nyuma yake ulivute juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa kwake, na majini litamvuka kichwa. Mahali pasipo na jaketi usipande kwa matumaini. Angalau yawepo madumu. Kuzuia kichwa cha mtu kisizame kunahitaji nguvu ya kuelea ya kama kilo 5 tu, kwa sababu mwili wenyewe unakaribia kuelea. Dumu tupu la lita 10 lenye kifuniko kilichokazwa linatoa karibu kilo 10. Lifunge kamba ya mita nane hivi, mwisho mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye mtumbwi, liwekwe juu ya kila kitu. Dumu lililoko chini ya mizigo ni sawa na dumu lililobaki nyumbani. Lakini dumu huokoa anayeweza kushika, wakati jaketi humshikilia hata aliyezimia, kwa hiyo usiviweke kwenye daraja moja.

Weka pia makopo mawili, moja la kuchotea maji na jingine la mkojo. Wavuvi wa usiku wanaelewa hili la pili bila kuelezwa. Mtu akae, atumie kopo, amwage. Hakuna anayesimama kwa sababu yoyote, iwe mkojo au picha.

Hatua ya 4: Mtumbwi ukipinduka, baki nao

Mtumbwi wa mti hauzami hata ukijaa maji. Ushike. Aliyekunywa ndiye atakayesema pwani ni pale tu, naogelea, kwa sababu breki zake za uamuzi zimelegea na umbali juu ya maji unaonekana mfupi. Upande wa milima ya Livingstone ziwa linashuka kwa kina haraka, kwa hiyo hutegemei kukanyaga chini njiani. Itaneni kwa majina, kila mmoja ashike ubavu, aliyekunywa awekwe katikati ya wawili wasiokunywa, mpige kelele na kupunga kasia.

Hatua ya 5: Mtambue anayezama, maana hatapatapa

Tumezoea kusema mfa maji haachi kutapatapa. Methali hiyo ina kazi yake, lakini ukiitumia ziwani kama kipimo utamkosa mtu. Anayezama kweli mara nyingi yuko kimya. Mdomo unazama na kuibuka, na kila ukiibuka muda unatosha kuvuta hewa tu, hautoshi kuita. Mikono haipungi, inasukuma maji chini pembeni kama anayejaribu kupanda ngazi. Kichwa kimeanguka nyuma, macho kama kioo au yamefunikwa na nywele, mwili umesimama wima na miguu haipigi. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anakwenda chini.

Kipimo ni swali. Muulize kwa sauti: "Uko salama?" Akikujibu, bado ana nafasi. Akikuangalia bila kujibu, hesabu imeanza. Wenzake wa binamu yangu walikuwa wanne, wote wamekunywa, na wote waliona mchezo.

Hatua ya 6: Mpe kitu, usimpe mwili wako

Nyosha kasia au upondo kama anafikika, ukiwa umelala au umekaa chini ili usivutwe. Kama hafikiki, tupa dumu lipite kidogo juu ya bega lake, kisha vuta kamba limjie kifuani. Usiruke. Mwenye kuzama hupanda juu ya chochote kinachoelea, hata mdogo wake. Na kama wewe mwenyewe umekunywa, kazi yako ni kupiga kelele, kuonyesha kidole mahali alipo bila kuondoa macho, na kumtuma mtu kupiga simu 114 ya zimamoto na uokoaji au 112.

Mkimfikia, mvuteni upande wa mkia au kichwa cha mtumbwi, kamwe si ubavuni, la sivyo mtapinduka wote.

Hatua ya 7: Hewa kwanza, kifua baadaye

Mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize miguu juu na usimkandamize tumbo ili "kutoa maji". Kinachotoka hapo ni chakula na pombe, na kinaweza kurudi kwenye mapafu. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo, angalia kifua kwa sekunde 10. Kama hapumui, au anakata pumzi kwa mshtukomshtuko, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie mara 5, kila pumzi mpaka uone kifua kimepanda. Wanaoanza na kifua kwa aliyezama wanasahau kwamba moyo wake umekosa hewa.

Kama bado hajaamka wala kupumua sawasawa, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kandamiza 30, puliza 2, na endelea hivyo. Badilishaneni kila dakika 2, kwa sababu mikono huchoka kabla mwenye mikono hajajua. Akitapika, na aliyekunywa akala mbasa atatapika, mgeuze ubavu mara moja, futa mdomo kwa kidole, mrudishe, endelea. Msiache mpaka apumue au afike mtaalamu wa kuwapokea.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, mkono wa juu chini ya shavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukitazama chini. Vua nguo zilizolowa, mfunike. Usimpe kitu cha kunywa, na usimpe konyagi "ya kumpasha joto".

Kisha hospitali, hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Aliyezimia, aliyepuliziwa, au anayeendelea kukohoa lazima aangaliwe kwa saa kadhaa, kwa sababu maji machache kwenye mapafu yanaweza kumletea shida ya kupumua baadaye siku hiyohiyo. Kwa aliyekunywa kuna tatizo la ziada: usingizi wa pombe na usingizi wa kukosa hewa vinafanana. Mwenzake ataambiwa "mwache alale, ni bia", na mtu ataachwa alale. Mwambieni tabibu alikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na alikaa majini muda gani. Msifiche kwa aibu.

Binamu yangu alikaa hospitali hadi asubuhi. Walimpima pumzi na mapigo kila baada ya muda, wakamwekea oksijeni usiku alipoanza kuhema haraka, na saa 3 asubuhi wakamruhusu. Mzee wa Ikombe alikuja kumwona akiwa na dumu lake la njano mkononi, kamba imezungushwa vizuri, akauliza kama kijana amekula, kisha akarudi kwenye mtumbwi kwa sababu alikuwa na vyungu vya kuvusha.